Tahajia na Lugha: Mpaka wa Usawazishaji katika Uhariri wa Miswada ya Kiswahili ya Hati za Kiarabu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uamuzi unaomkabili kila mhariri wa mswada wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati za Kiarabu: je, achapishe nakala ya herufi kwa herufi inayohifadhi kila upekee wa mnakili, au atoe matini iliyosawazishwa ambayo msomaji wa kawaida anaweza kuisoma bila taabu? Hoja inayotetewa ni kwamba swali hili likiulizwa kwa namna hiyo huficha tatizo lenyewe. Katika hati za Kiarabu, kusawazisha ni mambo mawili tofauti: kukamilisha kile ambacho herufi hazikuweza kukionyesha, na kubadili kile ambacho herufi zimekionyesha waziwazi. Jambo la kwanza ni la tahajia na ni wajibu wa mhariri. La pili linahusu lugha yenyewe, na lisipotangazwa huharibu ushahidi. Mpaka kati ya mambo hayo unaelezwa kwa mfano wa ubeti mmoja na wa barua moja, kisha unapendekezwa utaratibu wa kuliandaa toleo.

1.0 Utangulizi

Miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu iliyohifadhiwa ni mingi na ya aina nyingi. Ipo miswada ya tendi, ipo diwani za mashairi, zipo barua za watawala na wafanyabiashara, na zipo hati za madeni na za wasia. Miongoni mwa barua za kale zaidi zenye tarehe ni zile za Kilwa za mwaka 1711, ambazo zimehifadhiwa Goa. Makusanyo makubwa yako katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mchango wa J. W. T. Allen ni mkubwa, na katika maktaba ya SOAS mjini London.

Wahariri wa matini hizi wamefuata njia mbalimbali. C. G. Büttner, katika mkusanyo wake uliotolewa Berlin mwaka 1892, alimpa msomaji sura ya hati zenyewe pamoja na usomaji wake wa Kilatini, hata mwenye shaka akaweza kulinganisha. Baada ya Kiunguja kuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na baada ya Kamati ya Lugha kuanza kazi mwaka 1930, msukumo wa kuziandika matini zote kwa tahajia moja uliongezeka. Shule zilihitaji vitabu, na mwanafunzi aliyefundishwa kuandika *moja* hakutarajiwa kukutana na *moya* kitabuni bila maelezo.

Pande zote mbili zina hoja. Anayetetea nakala ya herufi kwa herufi, ambayo wanataaluma wa Ulaya huiita ya kidiplomatiki kwa sababu njia yake ilitokana na uchunguzi wa hati rasmi za kale, husema kwamba mhariri hana haki ya kumsahihisha mnakili. Anayetetea matini iliyosawazishwa husema kwamba utendi ulitungwa ili usomwe na kusikilizwa, na kwamba kuuchapisha kwa namna ambayo wasomaji thelathini tu wanaweza kuufuata ni sawa na kuurudisha sandukuni. Makala haya hayakusudii kuupa ushindi upande wowote. Yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili hutumia neno *kusawazisha* kwa maana mbili zisizofanana, na kwamba maana hizo zikitenganishwa sehemu kubwa ya ugomvi hutoweka.

2.0 Kile Kinachoonyeshwa na Hati

Mhariri wa matini ya Kilatini akisawazisha huwa anabadilisha herufi kwa herufi nyingine ndani ya mfumo mmoja. Mhariri wa mswada wa Kiswahili wa hati za Kiarabu hana nafasi hiyo. Kwake, hata kuandika neno moja kwa herufi za Kilatini ni kufasiri, maana mfumo anaotoka hautenganishi sauti zote zinazotenganishwa na mfumo anaokwenda.

Sababu ni tatu. Kwanza, Kiswahili kina irabu tano ilhali alama za irabu za Kiarabu ni tatu: fatha, kasra na dhamma. Kwa hiyo kasra moja husimama kwa *i* na kwa *e*, na dhamma moja husimama kwa *u* na kwa *o*. Pili, baadhi ya konsonanti za Kiswahili hazimo katika Kiarabu. Katika miswada mingi be husimama kwa *b* na *p*, fe husimama kwa *f* na *v*, na ghaini husimama kwa *gh* na *g*. Tatu, nazali inayotangulia konsonanti mara nyingi haiandikwi. Be ileile inayosimama kwa *b* na *p* huweza pia kusimama kwa *mb*, dali huweza kusimama kwa *nd*, jimu kwa *nj*, na ghaini kwa *ng*.

Liko jambo la nne, ambalo ni desturi ya waandishi wala si upungufu wa hati. Kiarabu hutumia alifu, wau na ye kuonyesha irabu ndefu. Kiswahili hakina tofauti ya namna hiyo kati ya irabu fupi na ndefu, lakini waandishi wengi walizitumia herufi hizo katika silabi ya pili kutoka mwisho, yaani silabi yenye mkazo. Msomaji asiyeijua desturi hii hudhani kwamba mnakili aliandika ovyo, na mhariri anayesawazisha huzifuta alifu, wau na ye hizo bila kuwaza. Itaonekana hapa chini kwamba ni katika herufi hizi zinazoonekana za ziada ambamo ushahidi hufichika mara nyingi.

3.0 Ubeti Mmoja kwa Njia Tatu

Ili jambo hili lionekane kwa ukamilifu, ufikiriwe ubeti mmoja wa utendi, uliotungwa hapa kwa ajili ya mfano tu, ukifuata desturi ya lahaja za kaskazini na ya wanakili wa pwani. Kila kipande kina mizani minane. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina cha bahari kinachorudi katika kila ubeti. Nakala ifuatayo inafuata herufi za mswada: irabu ni tatu tu, na irabu iliyoandikwa mara mbili inaonyesha kwamba mnakili ameweka alifu, wau au ye.

waghiini wiitu wakaaya
na habaari jiima muuya
haikuuwa na ubaaya
muughu akatuliida

Ni wazi kwamba nakala hii haisomeki kwa mtu wa kawaida. Hata msemaji wa Kiamu aliyezaliwa na lahaja hii atakwama kwenye *jiima* na *akatuliida*. Hapa mtetezi wa usawazishaji ana haki: nakala ya namna hii ikichapishwa peke yake, mhariri anakuwa amemwachia msomaji kazi ambayo ilikuwa yake.

Sasa mhariri aliyefunzwa Kiswahili sanifu na anayetaka kumrahisishia mwanafunzi huweza kutoa matini hii:

Wageni wetu wakaja
na habari njema moja
haikuwa na ubaya
Mungu akatulinda

Matini hii inasomeka vizuri na maana yake ni sahihi. Lakini mtaalamu wa ushairi akiichunguza ataona kasoro mbili. Kina cha vipande viwili vya kwanza ni *ja*, na cha kipande cha tatu ni *ya*. Kipande cha nne nacho kina mizani saba badala ya minane. Mtaalamu huyo, kama hana nakala ya mswada, atahitimisha kwamba mtunzi alishindwa na kina au kwamba kanuni za utendi zilikuwa legevu wakati huo. Hitimisho la namna hiyo likiingia katika tasnifu hurudiwa na tasnifu nyingine, na kosa la mhariri linakuwa historia ya fasihi.

Ukirudiwa mswada, inadhihirika kwamba mtunzi hana kosa. Katika *wakaaya* na *muuya* herufi iliyoandikwa ni ye, si jimu. Ye haisimami kwa *j* katika uandishi wa mnakili huyu. Katika *jiima* mnakili amelitumia jimu pale alipolihitaji. Kwa hiyo maneno ni *wakaya* na *moya*, kama yanavyotamkwa kaskazini, nayo yanapatana kwa kina na *ubaya*.

Katika kipande cha nne kuna wau baada ya mimu. Kwa desturi iliyoelezwa hapo juu, wau hiyo huweza kuwa alama ya mkazo tu, na neno likasomwa *Mungu*, lenye mizani miwili. Lakini huweza pia kuwa irabu mbili zinazotamkwa, na neno likasomwa *Muungu*, lenye mizani mitatu, umbo linalojulikana sana katika ushairi wa kale. Herufi peke yake hazikati shauri. Linalokata shauri ni hesabu ya mizani: *Muungu akatulinda* ni minane, *Mungu akatulinda* ni saba. Matini inayostahili kumfikia msomaji ni hii:

Wageni wetu wakaya
na habari njema moya
haikuwa na ubaya
Muungu akatulinda

Ifahamike kwamba matini hii ya tatu nayo imesawazishwa, na kwa kiasi kikubwa. Kasra ya *wiitu* imekuwa *e*, dhamma ya *muuya* imekuwa *o*, ghaini ya *waghiini* imekuwa *g*, na nazali zimerudishwa katika *njema*, *Muungu* na *akatulinda*. Kila uamuzi una sababu inayoweza kutajwa. Nazali ya *njema* inathibitishwa na sarufi, kwa kuwa *habari* iko katika ngeli inayodai *njema* wala si *jema*. Ile ya *akatulinda* inathibitishwa na msamiati, kwa kuwa hakuna kitenzi *kulida* kinachofaa hapo, na inathibitishwa tena na kina cha bahari endapo beti nyingine zinaishia kwa *nda*.

4.0 Kipimo cha Mpaka

Tofauti kati ya matini ya pili na ya tatu haimo katika kiasi cha usawazishaji. Imo katika aina yake. Matini ya tatu imekamilisha kile ambacho herufi ziliruhusu, ilhali matini ya pili imevuka hapo. Kutokana na hili kinapatikana kipimo ambacho mhariri anaweza kukitumia neno kwa neno: *Je, herufi aliyoiandika mnakili, kwa desturi yake mwenyewe katika mswada huu, yaweza kusimama kwa sauti ninayotaka kuiandika?* Jibu likiwa ndiyo, badiliko ni la tahajia na mhariri ana ruhusa. Jibu likiwa hapana, badiliko ni la lugha, na mhariri hana ruhusa ya kulifanya kimyakimya.

Maneno *kwa desturi yake mwenyewe* yana uzito. Wanakili hawafanani. Mmoja huandika nazali mahali pote. Mwingine haiandiki kabisa. Wa tatu huweka nukta tatu chini ya be anapokusudia *p*. Mswada ambao *p* imetengwa kwa nukta hauruhusu be ya kawaida isomwe *p* bila sababu. Kwa hiyo, kabla ya kusawazisha neno lolote, mhariri hana budi kuinakili sehemu ya kutosha ya mswada herufi kwa herufi na kuandaa orodha ya kila herufi na sauti inazosimamia kwa mnakili huyo. Hii ndiyo sababu nakala ya herufi kwa herufi hutangulia kila mara, hata kama haitachapishwa yote: bila nakala hiyo, mhariri hajui anachoruhusiwa.

Kipimo hiki kina mipaka yake, na mitatu inafaa kutajwa. Wa kwanza ni pale ambapo mswada unatofautisha sauti ambazo tahajia sanifu haizitofautishi. Lahaja za kaskazini zina *t* ya meno na *t* ya ufizi. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa na W. E. Taylor walishughulikia namna ya kuzionyesha tofauti kama hizi katika hati za Kiarabu. Mswada wenye tofauti hiyo ukiandikwa kwa tahajia sanifu, sauti mbili huwa herufi moja. Hapa msomaji wa kawaida hapotezi maana, lakini mwanaisimu hupoteza alichokijia. Badiliko hili linaweza kukubaliwa katika matini ya wasomaji kwa sharti kwamba tofauti imehifadhiwa mahali pengine katika toleo.

Wa pili ni upungufu wa nukta. Be, te, nuni na ye zinapokuwa mwanzoni au katikati ya neno hutofautiana kwa nukta tu, na wino uliofifia au mkono wenye haraka huweza kuzifanya zifanane. Hapo herufi yenyewe ina shaka, na kipimo hakiwezi kutumika mpaka shaka hiyo itangazwe. Ni vyema nakala ya herufi kwa herufi iweke alama juu ya herufi yenye shaka kuliko kuchagua moja na kunyamaza.

Wa tatu ni tofauti kati ya mtunzi na mnakili. Miswada mingi ya tendi tuliyo nayo haikuandikwa kwa mkono wa mtunzi. Huenda utendi uliotungwa kaskazini ukanakiliwa na mtu wa kusini ambaye, bila kukusudia, aliandika jimu katika *moya*. Kina cha *wakaya* na *ubaya* kitamfichua. Mhariri anayetaka kufikia matini ya mtunzi ana haki ya kurudisha *moya* katika matini ya wasomaji, lakini ni lazima aeleze kwamba mswada una *moja*, na ni lazima nakala ya herufi kwa herufi iendelee kuonyesha jimu. Jimu hilo si kosa la kufutwa. Ni ushahidi wa njia ambayo utendi ulisafiri.

5.0 Barua: Pale Ambapo Hakuna Kina Wala Mizani

Katika ushairi mhariri ana mashahidi wawili wa kumwongoza, kina na mizani. Katika barua hana hata mmoja. Huenda ikadhaniwa kwamba barua, kwa kuwa ni maandishi ya kawaida, inavumilia usawazishaji zaidi. Uchunguzi unaonyesha kinyume chake.

Ichukuliwe barua ya kubuni kuhusu fedha, iliyoandikwa bila alama za irabu kama ilivyowezekana kwa mwandishi mwenye haraka aliyemjua vyema anayemwandikia. Ndani yake kuna sentensi inayohusu mtu fulani na mfanyabiashara mmoja. Mhariri anasoma kitenzi na kukiandika *alipata kwa mfanyabiashara*. Mhariri mwingine anasoma *alipita kwa mfanyabiashara*. Katika usomaji wa kwanza mtu huyo amepokea kitu, pengine fedha, na huenda anadaiwa. Katika usomaji wa pili amefika tu na kuendelea na safari yake. Mwanahistoria wa biashara ya pwani akiutegemea usomaji wa kwanza ataandika deni ambalo huenda halikuwapo.

Be na te ni zilezile katika *pata* na *pita*, na irabu hazikuandikwa. Je, kuna njia ya kuamua? Ipo, endapo mwandishi wa barua ana desturi ya kuweka herufi ya mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kama kati ya be na te kuna alifu, neno ni *pata*. Kama kuna ye, neno ni *pita*. Kama hakuna herufi yoyote, basi mhariri achunguze maneno mengine ya barua ileile. Akiona kwamba mwandishi huweka herufi ya mkazo kila mara, kutokuwapo kwake hapa ni jambo la kutiliwa maanani, pengine neno ni jingine kabisa. Akiona kwamba huweka mara moja moja, shaka inabaki, na ni haki ya msomaji kuijua.

Jambo la kuzingatia ni kwamba alifu au ye hiyo ndiyo kitu cha kwanza kufutwa katika usawazishaji. Hakuna mhariri atakayeandika *alipaata* katika matini ya wasomaji, wala haipasi. Lakini neno likishaandikwa *alipata* bila nakala ya herufi kwa herufi, msomaji hawezi tena kujua kama usomaji huo umetokana na alifu inayoonekana au na dhana ya mhariri. Hali mbili zenye nguvu tofauti kabisa za ushahidi zimepewa sura moja katika chapa. Kwa hiyo katika barua na hati za madeni, ambako neno moja huweza kugeuza haki ya mtu, nakala kamili ya herufi kwa herufi ni ya lazima zaidi kuliko katika utendi.

6.0 Namna ya Kulipanga Toleo

Kutokana na yaliyoelezwa, uamuzi wa mhariri haumo katika kuchagua nakala moja na kuiacha nyingine. Umo katika kugawa kazi kati yake na kuhakikisha kwamba msomaji anaweza kutoka kwenye moja kwenda kwenye nyingine.

Kwa matini fupi, kama vile barua au shairi la beti chache, njia iliyo bora ni kurasa zinazoelekeana: kushoto nakala ya herufi kwa herufi, mstari kwa mstari kama katika mswada, kulia matini ya wasomaji. Gharama ni ndogo na faida ni kubwa. Kwa utendi mrefu hali ni tofauti. Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake unahusishwa na mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100, na kuuchapisha mara mbili ni kuongeza kitabu kizima juu ya kitabu. Katika hali hiyo inapendekezwa kwamba matini ya wasomaji ichapishwe yote, na nakala ya herufi kwa herufi iwekwe chini ya ukurasa kwa yale maneno tu ambayo usomaji wake una chaguo zaidi ya moja. Neno kama *habari* halina haja ya maelezo; neno kama *Muungu* linayo.

Alama zinazotumika ziwe chache na zisibadilike. Wahariri wa mafunjo ya kale walipatana huko Leiden mwaka 1931 juu ya alama za namna hii, na nyingi zinafaa hata kwa miswada ya Kiswahili: mabano mraba kwa kilichopotea kwa kuchanika au kuliwa na wadudu na kurudishwa na mhariri, mabano ya pembe kwa kilichosahauliwa na mnakili, nukta chini ya herufi yenye shaka. Nazali ambazo mnakili hakuziandika kwa desturi yake zisiwekewe mabano katika matini ya wasomaji, kwa sababu hakuzisahau; hati yake haikuzidai. Zikiwekewe mabano kila mahali, ukurasa hujaa alama, na msomaji hawezi tena kuona pale ambapo mhariri amefanya jambo zito.

Maneno ya lahaja yabaki kama yalivyo katika matini zote mbili, na maana zake ziwekwe katika sherehe pembeni au mwishoni. Mwanafunzi wa bara ambaye hajawahi kusikia *moya* atalifahamu kwa maelezo ya neno moja. Kumbadilishia neno ili asipate taabu hiyo ni kumnyima kile ambacho huenda ndicho alichokuwa akikihitaji: kujua kwamba Kiswahili kilichotunga tendi hizi si Kiswahili cha kitabu chake cha sarufi.

Huenda ikasemwa kwamba sasa, ambapo picha za baadhi ya miswada zinapatikana kwenye mtandao, nakala ya herufi kwa herufi haina kazi tena, kwa kuwa kila mwenye shaka anaweza kuitazama hati yenyewe. Hoja hii inasahau kazi ya nakala hiyo. Picha huonyesha wino. Haionyeshi jinsi mhariri alivyousoma wino huo. Palipo na nukta iliyofifia, picha humwachia kila mtazamaji aamue upya, ilhali nakala humlazimisha mhariri aseme ameona nini kabla ya kusema amefahamu nini. Picha na nakala zinasaidiana, wala moja haichukui nafasi ya nyingine.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba katika miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu hakuna matini ya Kilatini isiyosawazishwa kwa kiasi fulani, na kwamba kinachopaswa kuulizwa ni aina ya usawazishaji uliofanywa. Kukamilisha irabu tano pale palipoandikwa tatu, kurudisha nazali, na kutenga *p* na *b* ni kazi ya tahajia, na mhariri anayeiepuka kwa kisingizio cha uaminifu amemwachia msomaji mzigo wake. Kugeuza *wakaya* kuwa *wakaja* au *Muungu* kuwa *Mungu* ni kuitia mkono lugha ya mtunzi, na matokeo yake yameonekana katika ubeti uliopoteza kina na mizani bila mtunzi kuwa na kosa.

Mpaka kati ya mambo haya unapatikana kwa kuuliza herufi ya mnakili inaruhusu nini, na swali hilo haliwezi kujibiwa na mtu ambaye hajaunakili mswada herufi kwa herufi. Yako matoleo ya tendi yaliyosawazishwa ambayo bado hutumika madarasani bila nakala ya aina hiyo nyuma yake. Kabla ya vina na mizani ya matoleo hayo kutumiwa kama ushahidi wa historia ya ushairi wa Kiswahili, inafaa yarudishwe kwenye miswada yake, ubeti kwa ubeti, na ijulikane ni kasoro zipi za mtunzi, zipi za mnakili, na zipi za mhariri.